Kiambishi cha Wingi katika Jumbe za Ofisi za Migori na Homa Bay: Uhakiki wa Hoja ya Athari ya Lugha ya Kwanza

Yapo maneno manne ya Kiingereza ambayo hayakosekani katika mazungumzo ya wale wanaokosoa uandishi wa makarani na maofisa wetu. Nayo ni "informations", "advices", "feedbacks" na "staffs". Kila mojawapo limetiwa -s ya wingi mahali ambapo sarufi ya Kiingereza sanifu haiikubali, kwa kuwa nomino hizo huhesabiwa miongoni mwa zile zisizohesabika au, kwa hilo la mwisho, miongoni mwa nomino za jamii. Mkosoaji huifuta -s, hutikisa kichwa, na mara nyingi hutoa sababu papo hapo: mwandishi ametafsiri kutoka lugha ya mama. Katika kaunti za Migori na Homa Bay sababu hiyo hutajwa kwa jina, kwamba hicho ni Kiingereza cha Kijaluo.

Nakusudia kuihakiki sababu hiyo pamoja na dawa inayotolewa. Naona kwamba sababu yenyewe ni kweli kwa sehemu ndogo tu, na kwamba dawa ya kufuta -s, ijapokuwa huyaridhisha macho ya mwalimu, mara nyingine huiondolea jumbe maana ambayo mwandishi alikuwa ameiweka humo kwa makusudi.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini kaunti hizi mbili ni mahali pema pa kuijaribu hoja hii. Serikali zake zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Kabla ya kugawanywa, eneo lote lilikuwa Wilaya moja ya Nyanza Kusini. Mtu asiyelijua hudhani kwamba ni nchi ya Wajaluo peke yao. Lakini upande wa kusini wa Migori, kuanzia Kehancha hadi mpakani Isebania, husemwa Kikuria, ambacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli na viambishi vyake kamili. Na upande wa ziwa wa Homa Bay, katika Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano, wako Wasuba, ambao lugha yao ya asili nayo ni ya Kibantu, ingawa wengi wao sasa husema Kijaluo. Kijaluo chenyewe si cha Kibantu bali ni cha Kinailoti. Basi hapa tunao waandishi wanaoketi katika ofisi moja, wanaotumia Kiingereza kilekile walichofunzwa shuleni kwa mtaala mmoja, na ambao lugha zao za kwanza zimejengwa kwa misingi miwili iliyo mbali. Kama -s ya "informations" imeletwa na sarufi ya lugha ya mama, ingetazamiwa kwamba Mjaluo na Mkuria watakosea kwa namna mbili. Lakini hawakosei kwa namna mbili. Hukosea kwa namna moja.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe, moja baada ya jingine, kwa kuwa hayalingani, na kosa kubwa la wakosoaji ni kuyaweka yote katika kapu moja.

"Staffs" ndilo linaloipa hoja ya lugha ya kwanza nguvu zaidi, kwa hiyo nalianza. Katika Kiingereza sanifu neno "staff" hutaja kundi zima la watu wa kazi. Mtu mmoja wa kundi hilo hatajwi kwa neno hilo peke yake. Hutafutiwa neno la kuongezea. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina mfanyakazi na wafanyakazi. Kijaluo kina jatich na jotich, ambapo ja- ni ya mmoja na jo- ni ya wengi. Kikuria nacho hutofautisha mtu mmoja na wengi kwa viambishi, kama tuonavyo katika jina la watu wenyewe, Omokuria na Abakuria. Katika lugha zote tatu mtu wa kazi ni mtu anayehesabika, na neno la kumtaja lina umoja na wingi. Karani aliyezoea kuwa na maneno mawili anapoingia katika Kiingereza na kukuta neno moja la kundi, hulichukua hilo la kundi, hulishusha liwe la mtu mmoja, kisha hulipandisha tena kwa -s. Ndiyo maana mahali panaposemwa "staffs" pana pia "staff mmoja". Mkosoaji huitazama -s peke yake, hali kosa la kwanza, kama tunataka kuliita kosa, lilitokea katika umoja. Aliyekwisha kukubali kwamba mtu mmoja ni "staff" hana njia nyingine ya kuwataja wawili isipokuwa "staffs".

Hapo basi lugha za kwanza zimehusika, lakini tuangalie zimehusika kwa lipi. Zimehusika kwa maana ya neno. Hazikuhusika kwa kanuni ya sarufi. Hakuna hata mojawapo iliyompa mwandishi hiyo -s. Isitoshe, lugha hizo tatu hapa zinakubaliana, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kosa ni la Kijaluo.

"Feedbacks" na "informations" nazo zaweza kuelezwa kwa sehemu kwa njia hiyo. Mwandishi wa Kiswahili anapowaza juu ya neno la kwanza huenda akawa na maoni akilini, na maoni yako katika umbo la wingi daima. Au ana mrejesho, ambao wingi wake ni mirejesho bila taabu yoyote. Kwa neno la pili ana habari au taarifa, na zote mbili huhesabika: taarifa moja, taarifa tatu. Mjaluo anayo wach, yaani neno au jambo au habari, na wingi wake ni weche. Naye husema weche adek, mambo matatu, kama vile Mswahili asemavyo taarifa tatu. Hadi hapa mtetezi wa hoja ya lugha ya kwanza ana haki ya kutabasamu.

Lakini afike kwenye "advices". Neno la kawaida la Kiswahili cha ofisini ni ushauri, na ushauri hauna wingi. Hatusemi shauri kumi kwa maana ya ushauri mara kumi. Ni kweli kwamba shauri na mashauri ni maneno ya zamani na kwamba babu zetu walipeana mashauri mema. Lakini katika matumizi ya sasa maneno hayo yameelekea kwenye mambo ya baraza na mahakama, na nomino ya u- ndiyo iliyobaki na kazi ya kutaja kile apewacho mtu anayeuliza afanye nini. Katika Kijaluo kumshauri mtu ni ng'ado rieko, yaani kukata hekima, na rieko hiyo hukatwa ikiwa katika umoja. Hivyo basi, kama mwandishi angekuwa anatafsiri tu kutoka Kiswahili au Kijaluo, neno hili ndilo angelipatia bila kukosea. Lugha zake zote mbili zingemwongoza kwenye umbo lisilo na -s. Hata hivyo huandika "advices". Hapa nadharia ya uhamisho wa sarufi imetabiri kinyume cha kilichotokea, na nadharia inayotabiri kinyume haiokolewi kwa kutajiwa mifano mingine inayoikubali.

Jambo hili si geni kwa wanaisimu. Tangu Lado aeneze ulinganishi wa lugha katika kitabu chake cha mwaka 1957, wako waliotaka kila kosa la mwanafunzi lielezwe kwa lugha yake ya kwanza. Na tangu Corder alipoandika mwaka 1967, na Richards mwaka 1971, imejulikana kwamba makosa mengi huzaliwa ndani ya lugha inayofunzwa. Mwanafunzi hushika kanuni, kisha huipeleka mbele kuliko wenye lugha walivyoipeleka. Huo ndio ujumlishaji uliopita mipaka. Mtoto wa Kiswahili husema "vitu vidogo" na "viazi vitamu", kisha akatunga "viongozi vikubwa" kabla ya kujifunza kwamba binadamu huvuta upatanisho wa ngeli ya watu. Hakuna anayesema mtoto huyo ameathiriwa na lugha nyingine.

Na ushahidi wa nje wautia nguvu uamuzi huo. Maumbo kama "staffs" na "equipments" yamesajiliwa na wataalamu wa Kiingereza katika Nigeria, Ghana, India, Singapore na Hong Kong. Kichina, kwa kawaida, hakitii nomino zake alama ya wingi kabisa; Kihindi hutia; Kiyoruba kina njia zake nyingine. Kosa moja linalotokea kwa watu wa lugha zisizofanana hata kidogo haliwezi kuwa na asili yake katika lugha hizo zote. Wanachoshiriki watu hao ni kimoja tu, nacho ni Kiingereza.

Tena Kiingereza chenyewe si hakimu mwenye mikono safi. "Informations" ilikuwa ikiandikwa na Waingereza wenyewe katika karne za nyuma, na katika lugha ya mahakama zao imeendelea kuwa halali kwa maana ya mashitaka yanayofikishwa mbele ya hakimu. "Advices" ilikuwa neno la kila siku katika magazeti yao ya karne ya 18 kwa maana ya habari zilizoletwa na meli au tarishi. Kisha wakageuka. Upande wa pili, "data" na "agenda", ambazo katika Kilatini ni maumbo ya wingi, zimeshushwa na Waingereza hao hao: ya kwanza huchukuliwa na wengi wao kama nomino isiyohesabika, na ya pili imekuwa umoja kamili, hata ikapewa -s yake mpya. Hatukusikia kwamba huo ni udhaifu wa akili. Nasi katika Kiswahili tulifanya vivyo hivyo tulipopokea maarifa kutoka Kiarabu. Huko neno hilo ni umoja, lakini sisi tuliisikia ma- ya mwanzo kama kiambishi cha wingi, tukasema maarifa haya, na hakuna mwalimu atakayesahihisha leo aandike maarifa hii.

Keith Allan, katika makala yake ya mwaka 1980 juu ya kuhesabika kwa nomino, alionyesha kwamba kuhesabika si sifa iliyobandikwa kwenye nomino peke yake. Hutokana na kirai kizima ambamo nomino imewekwa, na nomino hutofautiana kwa kiasi zinavyopendelea upande mmoja au mwingine. Kauli hiyo ni ya maana sana kwetu, kwa sababu yatufundisha kutouliza kama "feedback" huhesabika, bali kuuliza mwandishi alikuwa akihesabu nini.

Sasa tuutazame ujumbe mmoja kwa ukamilifu. Nimeutunga mwenyewe kwa kufuata sura ya jumbe za simu za vikundi vya kazi, ili nisimweke mtu wala ofisi yoyote kizimbani. Tuseme umeandikwa na ofisa mmoja baada ya semina ya siku mbili mjini Homa Bay:

"Staffs wote waliohudhuria semina walete feedbacks zao kabla ya Ijumaa. Informations zote zipitie kwa karani. Asanteni kwa advices zenu."

Kitu cha kwanza cha kuangaliwa ni kwamba huu ni ujumbe wa Kiswahili. Vitenzi ni vya Kiswahili, viwakilishi ni vya Kiswahili, na upatanisho ni wa Kiswahili. Katika sentensi ya namna hii nomino ya kigeni huingizwa kwa kawaida katika ngeli ya 9 na 10, ambamo umbo la nomino halibadiliki na wingi hubebwa na upatanisho peke yake. Twasema ripoti yao na ripoti zao, fomu hii na fomu hizi. Neno lenyewe limesimama palepale. Nomino ya mtu, kama "staff", huvutwa na upatanisho wa ngeli ya 1 na 2 kwa sababu ya uhai wake, ndiyo maana ofisa aliandika wote na walete.

Basi katika ujumbe huu wingi umekwisha kutajwa kabla -s haijafika. "Feedback zao" ingetosha. "Staff wote walete" ingetosha. Sarufi ya Kiswahili haikuidai -s. Kwa kweli, kama ofisa angekuwa anatawaliwa na Kiswahili angeiacha, kama anavyoiacha anapoandika fomu zao. Kwa hiyo -s hii haikutoka Kiswahili, wala haikutoka Kijaluo, ambacho huunda wingi kwa kugeuza konsonanti na irabu za mwisho, kama vile buk ikawa buge, got ikawa gode. Ilitoka katika Kiingereza alichosoma. Ofisa amekumbuka, hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, kwamba neno la Kiingereza lililo katika wingi hupewa -s. Mkosoaji asemaye kwamba mtu huyu hajui kanuni ya Kiingereza amegeuza mambo. Anaijua kanuni na ameitii mno. Asilolijua ni orodha ya nomino zilizosamehewa.

Ulinganishe ujumbe huo na umbo jingine linalosikika sana, "mastaff". Hapa ndipo Kiswahili kimefanya kazi kweli. Kiambishi ma- kimeletwa kuunda wingi, kama kilivyoletwa kwa mawaziri na maspika, na -s imeachwa. Msemaji wa "mastaff" ameliingiza neno katika Kiswahili. Mwandishi wa "staffs" amelibakiza katika Kiingereza. Orodha za makosa huyatia maumbo haya mawili katika fungu moja la athari ya lugha ya mama, na kwa kufanya hivyo hupoteza tofauti ambayo mwanaisimu angependa kuipata kuliko nyingine yoyote.

Tuendelee na ujumbe wetu. Tuseme mkuu wa idara anataka uandikwe upya kwa Kiingereza kitupu ili uwekwe kwenye faili, na karani mwenye orodha ya makosa mkononi anazifuta zile -s nne. Matokeo yake yatakuwa sahihi kwa sarufi. Lakini je, yanasema lile lile?

Katika sentensi ya kwanza ofisa alitaka kila aliyehudhuria alete karatasi yake. Kama walikuwa watu 12, alitazamia karatasi 12. Hilo lilikuwa ndani ya -s, na lilikuwa pia ndani ya zao. Katika Kiingereza kiwakilishi hicho hakitofautishi: kinabaki kile kile kwa kitu kimoja cha wote na kwa vitu vingi, kila mtu na chake. Mara -s inapofutwa, hakuna kilichobaki katika sentensi cha kumzuia kiongozi wa kundi asikusanye maoni ya watu 12 katika ukurasa mmoja na kuyapeleka Ijumaa asubuhi kwa jina la wote. Atakuwa ametii maandishi barabara, na ofisa atakuwa na karatasi moja badala ya 12. Anayetaka kusahihisha kwa haki hafuti -s tu. Hutafuta neno la kipimo ambalo -s ilikuwa ikilikaimu. Aandike kwamba kila mmoja alete ripoti yake fupi, na kwa Kiingereza atumie neno "report", ambalo huhesabika bila ubishi.

Kadhalika katika sentensi ya pili. Ofisa aliposema "informations" alikuwa na taarifa akilini, na taarifa katika ofisi ni kitu cha kushikika: barua, fomu iliyojazwa, orodha ya mahudhurio. Vitabu vya shule hupendekeza kwamba mahali pa "informations" paandikwe vipande vya habari. Ushauri huo ni sahihi kwa mitihani na haufai kwa kazi. Hakuna karani anayepokea vipande vya habari. Anapokea hati tatu, na neno la haki lilikuwa "documents". Kipimo rahisi ni hiki: weka namba mbele ya neno lenye shaka, tuseme 3, kisha muulize mwandishi hizo tatu ni tatu za nini. Akijibu mara moja, barua tatu, risiti tatu, watu watatu, ujue kwamba wingi wake ulikuwa wa kweli na kwamba kosa liko katika uchaguzi wa nomino. Akishindwa kujibu, akasema tu kwamba ni habari kwa jumla, hapo -s ilikuja kwa mazoea na yaweza kufutwa bila hasara.

Kwa kipimo hicho sentensi ya tatu ya ofisa huanguka. "Advices zenu" katika maneno ya kushukuru hazihesabu kitu. Ukimuuliza ni ngapi atacheka. Hapa nakubaliana na mwenye kalamu nyekundu, naye afute. Lakini asifute kwa upofu, kwa sababu hatua chache kutoka hapo, katika chumba cha uhasibu, neno hilo hilo lina maana nyingine. Hati inayotumwa kwa mlipwaji kumjulisha kwamba fedha zake zimepelekwa benki huitwa kwa Kiingereza "remittance advice", na hati kumi za aina hiyo ni "advices" kumi, kwa kanuni za Kiingereza cha benki kilicho sanifu kabisa. Mhasibu aliyeandika kwamba "advices" za mwezi uliopita hazijafika hakukosea lolote. Akisahihishwa, sentensi yake itageuka kuwa malalamiko kwamba hakupata ushauri. Naona kichekesho hiki chatosha kuonyesha hatari ya orodha zinazotaja maneno bila kutaja mahali.

Sisemi kwamba kila kitu kiachwe. Hati ya zabuni inayosomwa na mgeni, au barua inayokwenda kwa mfadhili, yapaswa kufuata usanifu ambao msomaji wake anaujua, na huko "equipments" itamvunjia mwandishi heshima hata kama vifaa vyenyewe vimehesabiwa vizuri. Hapo pia neno la kipimo lafaa kuliko kufuta, kwa maana mwuzaji hutaka kujua ni vifaa vingapi na vya aina gani. Katika jumbe za ndani hali si hiyo. Msomaji na mwandishi ni wamoja, umbo lina maana inayoeleweka kwa wote, na wengi wa waandishi ni watu waliokwisha kufaulu mitihani ya Kiingereza. Alfred Buregeya, katika uchunguzi wake wa mwaka 2006 juu ya sarufi ya Kiingereza cha Kenya, aliuliza swali ambalo idara zetu zilikawia kuliuliza, yaani Wakenya wenyewe wanayakubali maumbo haya kwa kiasi gani. Ni swali bora kuliko lile la nani alaumiwe.

Kuna hoja moja ambayo huenda ikaletwa dhidi yangu, nayo ni ya haki. Yaweza kusemwa kwamba nimeitoa hukumu kwa ujumbe wa Kiswahili, hali Migori na Homa Bay jumbe nyingi za simu huchanganywa na Kijaluo. Ni kweli, na jambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini, kwani huko mambo hubadilika. Nilieleza kwamba katika Kiswahili -s haina kazi kwa kuwa wote na zao zimekwisha kubeba wingi. Kijaluo nacho kina viashiria vinavyotofautisha, wachni kwa jambo hili na wechegi kwa mambo haya. Lakini neno linalotumiwa zaidi katika matangazo, duto, halibadiliki. Tena lina maana mbili kwa pamoja: husimama mahali pa -zima na mahali pa -ote. Piny duto ni dunia nzima. Weche duto ni mambo yote. Anayesoma "staff duto" aweza kuelewa kundi zima kama kitu kimoja, na aweza kuelewa wafanyakazi wote, kila mmoja kwa nafsi yake. "Staffs duto" haiwezi kueleweka kwa njia ya kwanza. Kwa hiyo -s ile ile iliyokuwa pambo tu katika sentensi ya Kiswahili hufanya kazi ya kweli katika sentensi ya Kijaluo, na mtu aliyepewa jukumu la kuwaita watu wote kwenye mkutano, si wawakilishi wao, ana sababu nzuri ya kuiandika.

Anayetaka kuendeleza uchunguzi huu aanzie hapo. Akusanye jumbe za aina tatu, za Kiingereza kitupu, za Kiswahili na za Kijaluo, kwa idhini ya wenyewe na bila majina yao, kisha aangalie ni katika fungu lipi -s hutokea zaidi baada ya nomino hizi nne. Hoja yangu ikiwa sawa, jumbe za Kijaluo zitakuwa nayo mara nyingi zaidi kuliko za Kiswahili, na Mkuria anayeandika Kijaluo cha ofisini mjini Migori ataitumia sawasawa na Mjaluo.